Kifaa kipya cha faiba hakipati huduma baada ya kubadilishwa: dalili, sababu na usajili wa namba ya mfululizo

Msimu wa mvua unapoingia Kigoma na radi kuanza kupiga kutoka upande wa ziwa, vifaa vya faiba huungua kwa wingi, na mara nyingi haviungui kupitia uzi wa faiba wenyewe, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme, bali kupitia adapta iliyochomekwa ukutani au waya wa shaba unaokwenda kwenye kompyuta na kamera. Mteja hupewa kifaa kingine, hukichomeka mahali palepale kwa waya uleule, taa huwaka, na bado hakuna intaneti. Mwongozo huu unahusu hatua hiyo peke yake: kifaa kimebadilishwa, laini ilikuwa inafanya kazi kabla, na sasa kinachotakiwa ni mtoa huduma kukitambua kile kipya.

Watu wengi hushangaa kwa sababu wamezoea simu. Simu ikiharibika unahamisha kadi, na laini yako inahama nayo. Kwenye faiba hakuna kadi: kinachoitambulisha laini yako kwa mtambo wa kituoni ni namba iliyochomwa kiwandani ndani ya kifaa chenyewe. Uzi mmoja unaotoka kituoni hugawanywa njiani na kigawanyio cha mwanga ili uhudumie nyumba nyingi, mara nyingi 32 au 64, na mtambo humpa kila mmoja zamu yake ya kutuma taarifa kulingana na namba hiyo. Kifaa ambacho namba yake haimo kwenye orodha hakipewi zamu, hata kama uzi ni mzima na ada ya mwezi imelipwa.

Kwanza, namba ipi hasa?

Nyuma au chini ya kifaa kuna stika yenye namba kadhaa, na hapa ndipo makosa mengi huanzia. Ipo namba ya bidhaa, ambayo kwa kawaida ni ndefu na hutumika kwa ajili ya ghala na dhamana. Ipo namba ya MAC, yenye herufi na tarakimu 12, ambayo mara nyingi hutenganishwa kwa nukta mbili au vistari. Kisha ipo namba ya mfululizo ya faiba, ambayo huandikwa SN, GPON SN au PON SN. Hii ya tatu ndiyo inayosajiliwa.

Namba hiyo ina sehemu mbili. Ya kwanza ni herufi nne za mtengenezaji: HWTC kwa vifaa vya Huawei, ZTEG kwa ZTE, ALCL kwa Nokia vilivyorithi jina la Alcatel, FHTT kwa FiberHome. Ya pili ni alama nane za heksadesimali, yaani tarakimu 0 hadi 9 na herufi A hadi F peke yake. Kwa hiyo namba kamili ina alama 12, kwa mfano `HWTC5B0D8E3A`.

Baadhi ya stika huiandika namba hiyohiyo kwa alama 16, na mteja hudhani ni namba nyingine. Si nyingine. Herufi nne za mwanzo zimeandikwa kwa heksadesimali, ambapo H ni 48, W ni 57, T ni 54 na C ni 43, kwa hiyo `HWTC5B0D8E3A` na `485754435B0D8E3A` ni kifaa kimoja. Kwa ZTEG mwanzo huo huwa `5A544547`. Ukiona alama nane za mwisho zinafanana, tulia. Mpe mhudumu umbo lolote kati ya hayo mawili, mradi umpe lote bila kukata.

Ukweli kwamba sehemu ya pili haina herufi zaidi ya F una faida kubwa. Ukiona kitu kinachofanana na herufi O ndani ya zile alama nane, hicho ni sifuri. Kinachofanana na I ni moja. Kinachofanana na S ni tano. Hakuna haja ya kubahatisha. Utata unaobaki ni kati ya 8 na B, na kati ya 0 na D, hasa stika inapokuwa imefifia au picha imepigwa gizani.

Kwa simu utata ni wa namna nyingine, kwa kuwa «be», «de» na «e» husikika karibu sawa mtandao unapokatika-katika. Mimi huzitaja herufi kwa miji na maeneo: A ya Arusha, B ya Bukoba, C ya Chalinze, D ya Dodoma, E ya Engaruka, F ya Fumba. Lakini njia bora ni kutotaja kwa sauti kabisa. Piga picha ya stika mchana, itume, kisha uiandike namba kwa maandishi chini ya picha ili mhudumu aweze kuinakili bila kuichapa upya.

Dalili ya 1: taa ya LOS inawaka nyekundu

Hili si tatizo la usajili, na kuipigia ofisi simu ili wasajili upya hakutasaidia chochote. Taa hii inasema kwamba kifaa hakioni mwanga wa kutosha kutoka kituoni, kwa hiyo mazungumzo ya namba hayajafikiwa hata kidogo.

Sababu ya kawaida kuliko zote baada ya kubadilisha kifaa ni kiunganishi kilichoingizwa nusu. Kichomoe taratibu, kielekeze ubavu wake uliojitokeza kwenye mfereji wake, kisukume hadi kisikike kikiingia. Sababu ya pili ni vumbi: ncha ya uzi iliyoachwa wazi juu ya meza kwa siku kadhaa, katika nyumba ya Tabora mwezi wa Agosti, haitaki maelezo. Sababu ya tatu ni waya uliokunjwa kwa pembe kali nyuma ya kabati wakati wa kukichomoa kile kifaa cha zamani. Ulegeze uwe na duara pana. Sababu ya nne, ambayo fundi asiye makini huisababisha, ni kuchanganya viunganishi vya kijani na vya buluu. Ncha ya kijani imekatwa kwa mshazari na ya buluu haikukatwa hivyo. Zikikutanishwa hubaki pengo linalopoteza mwanga na kuurudisha nyuma. Ikiwa kifaa kipya kina tundu la rangi tofauti na kile cha zamani, usilazimishe. Omba waya mfupi wa kuunganishia unaofaa.

Usichungulie ncha ya uzi wala tundu la kifaa. Mwanga unaotumika ni wa mawimbi ya nanomita 1490 na 1310, ambao jicho halioni, kwa hiyo kutoona kitu hakumaanishi kwamba hakuna kitu. Usiifute ncha kwa shati, mate wala manukato. Ikiwa taa inabaki nyekundu baada ya kukaza kiunganishi na kulegeza waya, ishia hapo na uite fundi wa mtoa huduma, kwa kuwa kinachofuata kinahitaji kipimo cha mwanga na kisafishio maalumu.

Dalili ya 2: LOS imezimika, lakini taa ya PON inawaka na kuzimika haraka haraka bila kutulia

Hii ndiyo dalili halisi ya namba kutosajiliwa. Mwanga unafika, kifaa kinajitambulisha, na mtambo wa kituoni unakijibu kwa ukimya.

Kabla ya kuilaumu ofisi, hakikisha mambo mawili. La kwanza ni muda. Usajili ukishaingizwa ipasavyo, PON hutulia ndani ya dakika chache bila wewe kugusa chochote, kwa kuwa mtambo hurudia kuuliza kama kuna kifaa kipya. Hata hivyo «tumesajili» inayosemwa na dawati la wateja mara nyingi humaanisha ombi limepelekwa kwa kitengo cha ufundi, na ombi lililopelekwa Ijumaa jioni linaweza kusubiri. Uliza kwa upole kama namba imeshaingizwa kwenye mtambo au bado ni ombi.

La pili ni ukurasa wa kifaa chenyewe. Unganisha simu kwenye Wi-Fi ya kifaa kipya, fungua kivinjari, na uandike anwani iliyo kwenye stika, ambayo kwa Huawei mara nyingi ni `192.168.100.1` na kwa ZTE ni `192.168.1.1`. Ingia kwa jina na nywila vilivyoandikwa palepale. Tafuta vitu vitatu: namba SN, ambayo ndiyo ya kuaminika kuliko stika, nguvu ya mwanga unaopokelewa, iliyoandikwa RX Optical Power, na hali ya usajili, ambayo vifaa vingi huionyesha kwa herufi O na tarakimu. O5 maana yake kifaa kimekubaliwa. Kikibaki kwenye O2 au O3, kinasubiri kutambuliwa. Vifaa vingi vya GPON hupokea mwanga ulio kati ya -8 na -27 dBm, lakini ukiona namba iko chini ya -25 mwambie fundi mapema, kwa kuwa laini ya namna hiyo huanza kukatika-katika.

Ukiona mwanga mzuri na hali ya O2 au O3, sababu ni hizi, nikianza na ile ninayokutana nayo zaidi.

Sababu ya kwanza ni namba iliyonakiliwa vibaya, na hapa kuna jambo ambalo hata wahudumu wengine hawalifikirii. Mtambo hukataa namba yenye alama isiyo ya heksadesimali ndani ya zile nane za mwisho. Mhudumu akiandika herufi O badala ya sifuri, mfumo utamwonyesha kosa papo hapo na atakupigia. Lakini akiandika 8 badala ya B, au D badala ya B, namba hiyo ni halali kabisa. Mfumo utaipokea, utamwambia imefanikiwa, na utakaa ukikisubiri kifaa ambacho hakipo. Kosa linalokataliwa halina shida. Linalokubaliwa ndilo linalomlaza mteja gizani kwa siku kadhaa, huku pande zote mbili zikiapa kwamba zimefanya sawa.

Nichukue mfano wa nyumba ya wageni iliyoko Mwanga, Kigoma mjini. Kifaa cha zamani kiliungua kwa radi, kipya kikaletwa, na mwenye nyumba akaisoma namba kwa simu: HWTC, tano, be, sifuri, de, nane, e, tatu, a. Mhudumu akaandika `HWTC5D0D8E3A`. Mfumo ukakubali na mteja akatumiwa ujumbe kwamba laini yake iko tayari. Kesho yake PON ilikuwa bado inapepesa. Ukurasa wa kifaa ulionyesha mwanga wa -21.3 dBm, yaani uzi hauna lawama, na hali ya O3. Kwa hiyo swali lililobaki lilikuwa moja: namba iliyoko kwenye mfumo inasomekaje? Mteja alipomwomba mhudumu amsomee namba iliyohifadhiwa, badala ya yeye kuitaja tena, tofauti ilisikika kwenye alama ya sita, D mahali pa B.

Ombi hilo, «naomba unisomee namba mliyonayo», lina thamani kuliko kurudia namba yako mara kumi, kwa sababu anayerudia husikilizwa na sikio lilelile lililokosea mwanzo.

Ipo njia ya uhakika zaidi, na ni haki yako kuiomba iwapo umepelekwa kwa kitengo cha ufundi. Mtambo wa kituoni huweka orodha ya vifaa vinavyojitambulisha bila kusajiliwa, na namba zilizomo hazijapitia stika wala simu. Zimetoka kwenye kifaa kwa njia ya mwanga. Kwenye mitambo ya Huawei fundi huiona hivi:

```
display ont autofind all

F/S/P    : 0/1/3
Ont SN   : 485754435B0D8E3A (HWTC-5B0D8E3A)
VendorID : HWTC
```

Mstari wa F/S/P unataja poti, na mstari wa pili unataja namba halisi. Kwa yule mteja wa Mwanga, fundi aliiona 5B0D8E3A ikisubiri kwenye poti ileile ya laini yake, na suala likaisha. Ikiwa kifaa chako hakimo kwenye orodha hiyo kabisa ilhali kimewashwa na LOS imezimika, basi fundi atafute kwenye poti nyingine au kwenye sababu zinazofuata.

Sababu ya pili ni kutoa namba isiyo yenyewe, yaani ile ya bidhaa au ya MAC. Dalili yake ni kwamba mhudumu analalamika namba ni ndefu mno au fupi mno, au haianzi na herufi za mtengenezaji.

Sababu ya tatu ni namba kuongezwa mahali pasipofaa. Laini yako tayari ina nafasi yake kwenye mtambo, pamoja na kifurushi chake, na kinachotakiwa ni namba ya zamani kubadilishwa kwa mpya ndani ya nafasi hiyo. Mhudumu akikifungulia kifaa kipya nafasi mpya kama mteja mgeni, hasa kwenye poti isiyo yako, hakitapokelewa. Na kikipokelewa, utapata PON iliyotulia isiyo na intaneti, ambayo nimeieleza kwenye dalili ya 4. Kwa mafundi wa watoa huduma wadogo wanaotumia mitambo ya Huawei, mabadiliko hayo hufanywa kwa amri moja ndani ya kadi husika, na wasifu wa laini hubaki kama ulivyokuwa:

```
interface gpon 0/1
ont modify 3 12 sn 485754435B0D8E3A
```

Hapo 3 ni poti na 12 ni nafasi ya mteja kwenye poti hiyo. Mpe mhudumu namba ya kifaa cha zamani pamoja na ya kipya, kwa sababu ya zamani ndiyo inayomwonyesha nafasi ya kubadilisha. Ndiyo maana nawasihi wateja wasikirudishe kifaa kilichoungua kabla ya kupiga picha ya stika yake.

Sababu ya nne huonekana kwa nadra: baadhi ya mitandao huongeza neno la siri la kifaa juu ya namba, au huhitaji kitambulisho kingine kiitwacho LOID. Kwenye mitandao hiyo namba sahihi peke yake haitoshi, na neno hilo huingizwa na fundi kwenye kifaa. Usijaribu kulibahatisha.

Ya tano ni kifaa kisicholingana na mtandao. Kifaa cha GPON, aina ya faiba iliyozoeleka, hakiwezi kufanya kazi kwenye poti inayotoa XGS-PON peke yake, yaani aina mpya yenye kasi zaidi, kwa kuwa mwanga wake una mawimbi mengine. Hili humpata zaidi mtu aliyenunua kifaa mwenyewe sokoni badala ya kupewa na mtoa huduma.

Usibonyeze kitufe cha RESET kwa sindano ukitumaini kwamba kitasaidia. Namba ya mfululizo haibadiliki kwa RESET, lakini mipangilio ambayo fundi ameiingiza inafutika, na tatizo moja linakuwa mawili.

Dalili ya 3: ofisi inasema namba hiyo tayari imesajiliwa

Namba haiwezi kuwa na wateja wawili kwenye mtambo mmoja, kwa hiyo mfumo unakataa kwa haki. Mara nyingi kifaa ulichopewa kilirejeshwa na mteja mwingine na hakikufutwa kwenye akaunti yake. Ikiwa umekipata kwa mtoa huduma, kazi ya kukifuta ni yake. Mpe picha ya stika na risiti au namba ya ombi lako la huduma, na usikubali kutumwa ukamtafute mteja wa zamani.

Ikiwa umekinunua mtaani, hali ni nyingine. Kifaa cha faiba kwa kawaida ni mali ya mtoa huduma hata kinapokuwa sebuleni kwa mteja, kwa hiyo chenye namba iliyosajiliwa kwa mtu mwingine kinaweza kuwa kiliuzwa na asiyekimiliki. Kirudishe kwa muuzaji. Wapo mafundi wa mitaani wanaojitolea kukiandikia kifaa namba ya kile kilichoungua ili mtambo udanganyike. Usikubali: namba moja ikionekana kutoka sehemu mbili, laini zote mbili huyumba, na mtoa huduma ana haki ya kuifunga ya kwako.

Sababu ya mwisho, ambayo ni nyepesi, ni kwamba kile alichokiona mhudumu ni usajili wako mwenyewe ulioingizwa na mwenzake asubuhi. Mwombe aangalie jina la akaunti kabla hamjaanza kubishana.

Dalili ya 4: PON imetulia, lakini hakuna intaneti

Sasa namba imekubaliwa, na kuendelea kuizungumzia namba ni kupoteza muda. Hali kwenye ukurasa wa kifaa ni O5. Tatizo limehamia kwenye mipangilio ya huduma.

Anza kwa kusubiri. Baada ya kukubaliwa kwa mara ya kwanza, vifaa vingi hupakua mipangilio, na wakati mwingine programu mpya ya ndani, kisha hujizima na kujiwasha vyenyewe. Ukichomoa umeme katikati ya hatua hiyo unaweza kukiua kifaa ambacho ndiyo kwanza kimefika. Kiache kwa nusu saa. Kwenye maeneo ambayo umeme hukatika mara kwa mara ningeshauri kichomekwe kwenye betri ya akiba kwa siku hiyo ya kwanza.

Kama bado, sababu inayoongoza ni jina la mtumiaji na nywila ya PPPoE, yaani vya kuingilia kwenye akaunti yako ya intaneti, ambavyo vilikuwa ndani ya kifaa cha zamani na havihami na namba. Fundi huviingiza kwa mbali au hukusomea uviandike. Inayofuata ni ile niliyoitaja juu: nafasi mpya iliyofunguliwa bila kifurushi, ambapo mtambo unakitambua kifaa lakini haujui ukipe nini. Mwambie mhudumu waziwazi: «PON imetulia, namba imekubaliwa, naomba uangalie kama nafasi hii ina kifurushi na njia ya huduma kama ilivyokuwa kwa kifaa cha zamani.» Sentensi hiyo humwondoa kwenye maswali ya kuzima na kuwasha.

Kisha kuna kipindi cha muunganisho cha kifaa cha zamani kilichobaki wazi kwenye mfumo. Mifumo mingine hukumbuka MAC ya kifaa kilichoungua na kukataa kingine kutumia akaunti hiyohiyo hadi kipindi kifutwe. Mwisho, kifaa cha mtengenezaji tofauti na mtambo kinaweza kukubaliwa kwa namba lakini kisielewe mipangilio yote kinayotumiwa. Hapo dawa ni kuomba aina ileile iliyokuwapo.

Angalia pia jambo dogo: kifaa kipya kina jina na nywila yake ya Wi-Fi. Simu inayotafuta jina la zamani itasema hakuna mtandao ilhali laini ni nzima. Jaribu kwanza kwa waya kwenye kompyuta.

Dalili ya 5: POWER inawaka, PON na LOS zote zimezimika

Kwenye vifaa vya Huawei hali hii inaweza kumaanisha kwamba mtambo umekizuia kifaa kwa makusudi. Viwango vya GPON vinampa mtoa huduma uwezo wa kuifunga namba fulani, na kufungwa huko hakuondoki kwa kuzima na kuwasha. Hutokea kwa kifaa kilichoripotiwa kuibiwa, au kilichofungwa kwa mteja wa zamani mwenye deni na hakikufunguliwa kilipokabidhiwa kwako. Piga picha ya taa na ya stika, uombe namba iangaliwe kama imezuiwa.

Kabla ya hapo, hata hivyo, jaribu adapta. Watu wengi hubakiza adapta ya zamani kwa sababu imeshachomekwa nyuma ya kabati, na adapta iliyopigwa na radi inaweza kuiwasha taa ya POWER bila kuwa na nguvu ya kuendesha sehemu ya mwanga. Tumia ile iliyokuja na kifaa kipya na ulinganishe volti na ampea zilizoandikwa juu yake na zile za kwenye stika. Kwa vifaa vingi ni volti 12, lakini ampea hutofautiana. Ikiwa adapta ina harufu ya kuungua, soketi imeweka weusi, au taa za nyumba nzima zilififia siku kifaa kilipoungua, usichomeke kifaa kipya. Mwite kwanza fundi umeme aikague soketi na waya wa ardhini, kwa kuwa kifaa cha pili kikiungua kwa sababu ileile, namba nyingine itahitaji kusajiliwa, na huenda safari hiyo mtoa huduma akakudai gharama yake.